Nina ofa ya 1,200,000 kwingine, bosi anataka nitaje asilimia ya nyongeza ili nibaki. Ni 20 au 25?

Mkaguzi_Zamu:
Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie kabla sijajibu barua pepe ya bosi.

Mimi ni mkaguzi wa ubora kiwandani. Kwa mwezi napata jumla ya 960,000 kabla ya makato. Kampuni nyingine imeniletea ofa ya maandishi ya 1,200,000, nayo kabla ya makato. Nimemweleza bosi wazi, akasema hataki niondoke, na akaniambia niandike naomba nyongeza ya asilimia ngapi ili nilingane na hao wengine.

Sasa hapo ndipo mvutano ulipoanza. Tofauti ni 240,000, hilo halina ubishi. Afisa utumishi anasema hiyo ni asilimia 20 na ameshaandaa fomu. Mwenzangu wa uhasibu anasema ni 25. Wote wawili wamepiga kikokotoo mbele yangu na hakuna aliyekosea kubonyeza. Nani yuko sahihi, na niandike nini?

Hesabu_Fupi:
Ni 25, mkuu.

Afisa utumishi amechukua 240,000 akagawa kwa 1,200,000. Hesabu hiyo inajibu swali jingine, kwamba mshahara wako wa sasa uko chini ya ofa kwa asilimia ngapi. Nyongeza inaanzia kwenye kile unacholipwa leo, kwa hiyo unagawa kwa 960,000.

Mpe jaribio hili dogo. Mwambie achukue asilimia 20 ya 960,000. Atapata 192,000. Akijumlisha anafika 1,152,000, bado 48,000 kufikia ofa. Kisha achukue asilimia 25 ya 960,000, atapata 240,000 kamili na jumla itakuwa 1,200,000. Kama una jedwali la kompyuta, weka mshahara wa sasa B1 na ofa B2, halafu:

```
=(B2-B1)/B1
```

Andika 25, funga mjadala.

Kipanga77:
25 ni ndogo sana ndugu yangu. Mimi kwa chini ya 30 siondoki nilipo. Kuhama kuna gharama, unaenda kuanza upya kipindi cha majaribio, hujui wenzako wapya wakoje. Waambie hao wa ofa waongeze kwanza.

Hesabu_Fupi:
@Kipanga77 mkuu, swali si hilo. Hajauliza ofa iwe kubwa kiasi gani ndipo ahame. Anataka kubaki. Mwajiri wake wa sasa ndiye anayetakiwa kupanda afikie ofa, na anauliza apande kwa asilimia ngapi.

Kipanga77:
Sawa nimekuelewa. Lakini hoja yangu ya kipindi cha majaribio ibaki, kwa sababu hiyo ndiyo nguvu ya bosi wake. Anajua jamaa akibaki haanzi upya, kwa hiyo anaweza kumpa pungufu na bado jamaa akakubali.

Karani_wa_Mishahara:
Naingia hapa kwa sababu kazi yangu ya kila mwezi ni kuingiza nyongeza kwenye mfumo wa mishahara, na hii "andika 25" inaweza kumuumiza.

@Mkaguzi_Zamu kabla hujaandika chochote, fungua slipu yako ya mshahara utuambie hiyo 960,000 imeundwa na nini. Msingi ni kiasi gani na posho ni zipi? Kisha angalia mkataba wako unasema nyongeza inawekwa wapi. Barua inapokuja ofisini kwetu imeandikwa "nyongeza ya asilimia fulani", bila maneno mengine, sisi tunaiweka kwenye mshahara wa msingi, kwa sababu utaratibu wetu unasema hivyo. Sehemu nyingi utakuta hivyo hivyo. Posho hatuzigusi mpaka barua izitaje.

Mkaguzi_Zamu:
Asante sana. Slipu inasema msingi 750,000, posho ya nyumba 150,000, posho ya usafiri 60,000. Jumla ndiyo hiyo 960,000. Ofa ya kule ni kiasi kimoja tu, 1,200,000, haijagawanywa.

Kuhusu nyongeza, mkataba wangu unasema "nyongeza yoyote itatolewa juu ya mshahara wa msingi". Sikuwahi kuutilia maanani mstari huo.

Karani_wa_Mishahara:
Basi twende polepole.

Ukiandika 25 na bosi akakubali kwa moyo mweupe kabisa, karani wako atachukua asilimia 25 ya 750,000. Hiyo ni 187,500. Jumla yako itakuwa 1,147,500. Unaona? Umepewa asilimia uliyoomba, hakuna aliyekudhulumu kwenye karatasi, na bado umepungukiwa 52,500 kila mwezi. Wakikupa ile 20 ya afisa utumishi juu ya msingi, unapata 150,000 na unaishia 1,110,000. Hapo pengo ni 90,000.

Kama posho zako zote mbili hazibadiliki, basi 240,000 yote lazima itoke kwenye msingi. Gawa 240,000 kwa 750,000, unapata asilimia 32. Msingi mpya unakuwa 990,000, ongeza 150,000 na 60,000, unafika 1,200,000.

Ndiyo maana pengo lile lile linaweza kuitwa 20, 25 au 32. Kabla ya kubishana juu ya namba, ulizeni ni asilimia ya nini.

Ila bado sijakupa jibu la mwisho. Niambie kitu kimoja: hiyo posho ya nyumba kwenye mkataba imeandikwa kama kiasi, au kama asilimia ya msingi? Nauliza kwa sababu 150,000 ni moja ya tano kamili ya 750,000, na hiyo kwa kawaida haitokei kwa bahati.

Hesabu_Fupi:
Karani umeongea. Nilikuwa nachukulia nyongeza inakwenda kwenye jumla yote. Kwa mtu anayelipwa kiasi kimoja bila posho, 25 inabaki kuwa jibu.

Bint_Hamadi:
Jamani mimi yalinikuta. Niliahidiwa asilimia 30, nikafurahi, mwezi ulipofika nikaangalia benki ongezeko halikufika hata 25. Nilikwenda ofisini kwa hasira, wakanionyesha barua, kila kitu kiko sawa. Mpaka leo naamini walinizunguka. Mkuu usiangalie hayo majumla ya kabla ya makato, omba asilimia ya kile kinachoingia mkononi.

Karani_wa_Mishahara:
@Bint_Hamadi pole dada. Sijaona slipu yako, kwa hiyo siwezi kusema hawakukuzunguka. Lakini ulichokiona kinaweza kutokea hata kama wamekulipa kila senti waliyoahidi.

Kodi ya mapato mahali pengi ina ngazi. Sehemu ya kwanza ya mshahara inatozwa kidogo au haitozwi, na inayofuata inatozwa zaidi. Nyongeza yako inakaa juu ya ule mshahara wa zamani, kwa hiyo yote inaangukia kwenye ngazi ya juu. Tuchukue viwango vya kubuni tu ili tuone: asilimia 10 kwa 500,000 ya kwanza, asilimia 30 kwa kinachozidi hapo, na tuseme posho nazo zinatozwa. Mwenye 960,000 analipa kodi 188,000 na kubaki na 772,000. Mwenye 1,200,000 analipa 260,000 na kubaki na 940,000. Mshahara umepanda asilimia 25, ila mkononi umepanda 168,000, ambayo ni kama asilimia 21.8 ya 772,000.

Kwa hiyo @Mkaguzi_Zamu, ukilinganisha ya kabla ya makato na ya kabla ya makato, uko salama, maana hao wa ofa nao watakukata kodi ile ile. Hatari ni kuchanganya. Ukipeleka ile 21.8 ya mkononi, halafu wao wakaiweka kwenye jumla ya kabla ya makato, utaishia karibu 1,169,000. Umejipunguzia mwenyewe 31,000 hivi.

Kitu cha kuangalia hapo ni kama kuna posho yako ambayo haitozwi kodi. Ikiwepo, 960,000 yako ina uzito zaidi ya 960,000 ya mtu ambaye yote ni mshahara, na hapo itabidi mlinganishe cha mkononi kwa cha mkononi, pande zote mbili.

Bint_Hamadi:
Hapo kwenye ngazi nimekuelewa, na nitaitafuta ile slipu ya zamani. Lakini kwanini hawakuniambia siku ile ile? Mtu akiahidiwa 30 anapanga maisha yake kwa 30.

Mkaguzi_Zamu:
Karani, umepiga palepale. Mkataba unasema posho ya nyumba ni "asilimia 20 ya mshahara wa msingi". Usafiri ni kiasi maalumu, 60,000 kwa kila mfanyakazi. Na kwenye slipu zote zinatozwa kodi.

Karani_wa_Mishahara:
Hiyo inakushusha kutoka 32.

Msingi ukipanda, posho ya nyumba inapanda nao. Kinachobaki palepale ni usafiri tu. Kwa hiyo toa 60,000 kwenye 1,200,000, inabaki 1,140,000 ambayo inatakiwa itoke kwenye msingi na nyumba kwa pamoja. Leo viwili hivyo vinakupa 900,000. Tofauti ni 240,000, gawa kwa 900,000, ni asilimia 26.67.

Tujaribu. Msingi mpya 950,000. Nyumba asilimia 20 yake, 190,000. Usafiri 60,000. Jumla 1,200,000.

Na usikubali waikate iwe 26 kwa sababu namba nzima inapendeza kwenye barua. Ukiwekewa 26 unapata msingi wa 945,000 na nyumba 189,000, jumla 1,194,000. Elfu sita inaonekana ndogo, lakini ni kila mwezi, na nyongeza zote zijazo zitahesabiwa juu ya msingi huo pungufu. Wakitaka namba nzima, waandike 27.

Ushauri wangu ni kwamba barua yako isitaje asilimia peke yake. Andika "mshahara wa msingi upande kutoka 750,000 hadi 950,000, ili jumla kabla ya makato iwe 1,200,000". Sentensi hiyo karani yeyote ataiingiza bila kukuuliza, na hakuna atakayekuja kusema alimaanisha asilimia ya kitu kingine.

Mkaguzi_Zamu:
Nimetoka kuongea na bosi sasa hivi. Amesema kiasi hicho kwa mkupuo hakimo kwenye bajeti ya mwaka huu. Anapendekeza asilimia 12 sasa na asilimia 13 baada ya miezi kumi na miwili, "jumla 25 yako hiyo". Naona kama ni nia njema. Mnasemaje?

Hesabu_Fupi:
Hapo mimi naona umepata zaidi mkuu. Asilimia zikifuatana hazijumlishwi, zinazidishwa. 1.12 mara 1.13 ni 1.2656, yaani asilimia 26.56. 960,000 inakwenda 1,075,200, halafu 1,214,976. Umepita ofa kwa 14,976. Mshukuru.

Mama_Stoo:
@Hesabu_Fupi mwanangu, na huo mwaka wa kwanza nani anamlipa? Miezi kumi na miwili anakaa kwenye 1,075,200 wakati kule angepata 1,200,000. Kila mwezi 124,800. Mwaka mzima ni 1,497,600. Hiyo umeiweka wapi?

Karani_wa_Mishahara:
Mama Stoo amemaliza. Nimegawa 1,497,600 kwa ile ziada ya 14,976 na inatoka 100 kamili. Miezi mia moja, zaidi ya miaka minane, ndipo arudishe alichokosa mwaka wa kwanza. Na hiyo ni kama hao wa kule hawatampandisha hata mara moja ndani ya muda huo.

Na tumehesabu kana kwamba nyongeza inagusa jumla yote. Kwa mkataba wake inagusa msingi. 750,000 ikipanda 12 inakuwa 840,000, ikipanda tena 13 inakuwa 949,200. Nyumba itakuwa 189,840, usafiri 60,000. Jumla 1,199,040. Anapungukiwa 960 hata baada ya nyongeza ya pili. Kwa hiyo ile ziada ya 14,976 haipo kabisa, na mwaka wa kwanza anakaa kwenye 1,068,000, yaani pungufu ya 132,000 kila mwezi.

Sisemi akatae. Kama bajeti kweli haipo, anaweza kukubali hatua mbili na kuomba malipo ya mara moja ya kuziba mwaka wa kwanza, 132,000 mara kumi na mbili ni 1,584,000. Malipo ya mara moja hayaingii kwenye msingi, kwa hiyo kwa mwajiri ni rahisi kuyaidhinisha kuliko nyongeza. Ila hatua ya pili iandikwe kwenye barua hiyo hiyo, na tarehe, bila neno "itaangaliwa" au "kutegemea hali".

Hesabu_Fupi:
Naona. Kuzidisha kwangu kulikuwa sawa, ila nilikuwa nazidisha kitu ambacho mkataba hauzidishi.

Mama_Stoo:
Mimi nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. @Mkaguzi_Zamu baba, kule kwa ofa unafanya kazi siku ngapi? Mwanangu wa kwanza alihama kwa mshahara mzuri, kufika akakuta Jumamosi nayo ni siku ya kazi, na hakuna malipo ya ziada.

Mkaguzi_Zamu:
Hapa nafanya siku tano, saa nane kwa siku. Ofa inasema Jumatatu hadi Jumamosi, saa nane kwa siku. Nilikuwa nimeona lakini nikaangalia mshahara tu.

Mama_Stoo:
Ndiyo hapo. Saa 40 kwa wiki dhidi ya saa 48. Kule utafanya kazi asilimia 20 zaidi kwa mshahara wa asilimia 25 zaidi. Gawa 1.25 kwa 1.2 unapata 1.0417. Kwa kila saa unayotoa, kule wanakuzidishia asilimia nne na kidogo tu. Ukitaka kulingana kwa saa, hapo ulipo unahitaji 1,000,000, yaani nyongeza ya 40,000 kwa mwezi.

Kipanga77:
Mama heshima yako, lakini hapo sikubaliani. Mwenye nyumba hapokei kodi kwa saa. Jamaa anahitaji pesa ya mwezi. Akienda kwa bosi na hesabu ya 40,000 amejimaliza mwenyewe, bosi atasaini kabla hajakaa.

Mama_Stoo:
Sikumwambia aipeleke kwa bosi. Nimesema aijue yeye. Mtu mwenye Jumamosi yake anaweza kuitumia kutafuta pesa nyingine, au kukaa na watoto wake. Ina thamani, na ofa inainunua bila kuilipia.

Karani_wa_Mishahara:
Kuna upande mwingine wa hili. Bosi naye anaweza kuiona hiyo. Akiuliza "kule ni siku ngapi?" lazima ujibu ukweli, na hoja yako ya kulingana kwa jumla inalegea. Mimi ningeingia nikijua namba zote mbili, 1,200,000 kama ombi na 1,000,000 kama sakafu ambayo chini yake siendelei kuongea. Lakini sakafu anaipanga mwenye maisha yake, si mimi.

Kitu cha mwisho upande wangu: waulize hao wa ofa kama mchango wa mwajiri kwenye pensheni uko ndani ya 1,200,000 au juu yake. Ofa zinazokuja kama kiasi kimoja wakati mwingine zimeumeza humo humo. Kama uko ndani, mshahara wako halisi kule ni mdogo kuliko tulivyohesabu, na ile 26.67 inashuka.

Mkaguzi_Zamu:
Nimewaandikia kuuliza kuhusu pensheni, bado hawajajibu.

Kwa bosi nimeandaa hivi: "Naomba mshahara wangu wa msingi upandishwe kutoka 750,000 hadi 950,000 kuanzia mwezi ujao, ili jumla yangu kabla ya makato, pamoja na posho ya nyumba ya asilimia 20 na usafiri, iwe 1,200,000. Ikibidi iwe kwa hatua mbili, naomba kiasi na tarehe ya hatua ya pili viandikwe kwenye barua hii, na pengo la mwaka wa kwanza lilipwe mara moja." Sijatuma. Nasubiri jibu la pensheni kwanza, maana likija tofauti hiyo 950,000 itabadilika.

Hesabu_Fupi:
Likija utupe namba hapa tupige upya.

Kipanga77:
Na Jumamosi je? Ukiulizwa utasemaje?

Mkaguzi_Zamu:
Nitasema ni siku sita. Kama atashusha kwa sababu hiyo sijui bado. Mke wangu anasema Jumamosi ni bora kuliko hiyo 200,000 ya juu ya sakafu, mimi bado nafikiria.